Herufi e Kando ya f

Karatasi ile bado ninayo. Ilichanwa kwenye daftari la mistari, imekunjwa mara nne, na juu yake nimeandika kwa kalamu ya bluu "Do ni C". Chini yake kuna sauti nne za wimbo wa Pasaka nilioutunga nikiwa na miaka 21, muda mfupi baada ya kukabidhiwa kwaya ya usharika wetu. Katika mstari wa pili, kwenye sauti ya alto, kuna alama ya penseli ambayo si yangu. Ni herufi e, ndogo, imebanwa kando ya f niliyoiandika mimi. Kabla ya penseli ile alto walikuwa wanaimba mi, mi, fa, sol. Baada yake wakaimba mi, mi, fe, sol. Hakuna kingine kilichoguswa kwenye ukurasa mzima, lakini wimbo ulikuwa mwingine.

Vijana wanaojifunza kinanda huniuliza mara kwa mara zile kodi tamu za nyimbo za kanisani zinatoka wapi, zile zinazofanya mstari uonekane unateremka mlima badala ya kutembea uwanjani. Zina asili nyingi. Lakini kama ningetakiwa kutaja moja tu, ningewaonyesha ile e.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Nikisema kodi sizungumzii ile ya TRA. Nazungumzia noti tatu au nne zinazolia pamoja. Kii ni ngazi ambayo wimbo umejengwa juu yake. Kwenye kii ya C, kodi ya kwanza ni C, ya pili ni Dm, ya nne ni F, ya tano ni G. Moja ni nyumbani. Tano, ambayo vitabu huiita dominanti, ndiyo inayokuvuta urudi nyumbani: piga G7, yaani G iliyoongezewa noti ya saba, nyamaza, na hata mtoto wa shule ya Jumapili atajua kwamba hujamaliza.

Sasa mstari wangu. Ulikuwa na kodi nne: C, Am, Dm, G. Soprano walishikilia do ya juu mara tatu kisha wakashuka ti. Mstari uliishia kwenye G, mahali ambapo waimbaji huvuta pumzi kabla mstari wa tatu haujarudi nyumbani. Kwa hesabu ulikuwa sawa. Kwa sikio ulifika G kama mtu aliyeingia dukani akasahau alichotumwa. Niliwaambia waongeze sauti pale mwishoni, wakaongeza, na ikawa kusahau kwa kelele.

Mzee mmoja aliyekuwa amestaafu kufundisha kwaya alikuwa akija kukaa benchi la nyuma siku za mazoezi. Nilimwamkia, nikampa karatasi. Hakupiga kinanda. Aliimba alto peke yake kwa sauti ya puani, akafika kwenye fa, akasimama.

"Hii fa yako inakwenda wapi?"

"Inakwenda sol, Mzee."

"Inakwenda kwa sababu umeiandikia iende. Yenyewe haina haja."

Akaomba penseli.

Hivi ndivyo mstari ulivyosomeka alipomaliza:

```
S:  d' | d' | d' | t
A:  m  | m  | fe | s
T:  s  | l  | l  | s
B:  d  | l, | r  | s,
```

Kwa wasiosoma sol-fa: kila herufi ni mwanzo wa jina la noti, kistari cha juu ni noti ya juu, mkato wa chini ni noti ya chini, na fe ni fa iliyopandishwa nusu toni. Kwenye kii ya C, fa ni F na fe ni F shapu. Kwa hiyo kodi ya tatu, iliyokuwa Dm yenye do juu yake, imekuwa D7. Na hapa ndipo Mzee aliponiuliza swali ambalo sijalisahau: "D ni tano ya nani?"

Nilihesabu kwa vidole. Sol, la, ti, do, re. D ni tano ya G.

Basi ndiyo hiyo siri yote, na nyingine ni maelezo. G kwenye wimbo wangu ilikuwa kodi ya tano, mtumishi wa C. Kwa pigo moja tu Mzee aliitendea kana kwamba yenyewe ndiyo nyumbani, akaiazimia dominanti yake kutoka kwenye kii yake. Kwenye kii ya G, F ni shapu siku zote. D7 ni kodi ya kawaida kabisa kule. Tumeichukua kule, tumeitumia hapa mara moja, tumeirudisha. Wenye vitabu huiandika V/V na kuisoma tano ya tano. Wanaiita sekondari dominanti, jina linaloifanya isikike kama shule ya bweni. Mimi huiita dominanti ya kuazima.

Lakini kwa nini kuazima huku kunasukuma? Hapo nilichelewa kuelewa. Kwa miaka kadhaa niliamini ni utamu tu wa noti ngeni, kama pilipili kwenye maharage. Si hivyo. Noti ngeni nyingine ukiiweka pale inachafua na haisukumi popote.

Angalia fa na fe zilivyo mbali na sol. Kutoka fa hadi sol ni toni nzima. Kutoka fe hadi sol ni nusu toni tu. Fe kwa sol ni sawasawa na ti kwa do: noti iliyosimama mlangoni, mkono uko kwenye kitasa. Ukimwambia mwimbaji ashike ti kwa muda mrefu, mwili wake wote unataka kupanda do. Fe inampa hamu ileile, ila inaielekeza sol.

Upande wa pili ni soprano. Wao walikuwa wameshika do ya juu. Kwenye C, do ile ilikuwa nyumbani, imetulia. Kwenye Am bado ilikuwa ndani ya kodi, imetulia. Chini yake ilipokuja D7, do ileile, bila mtu kuigusa, ikawa noti ya saba ya kodi, na noti ya saba hutaka kushuka. Inashuka nusu toni, inaangukia ti. Kati ya fe ya alto na do ya soprano kuna toni tatu kamili, umbali unaoitwa traitoni, na ndio msuguano wenyewe. Alto wanapanda nusu toni, soprano wanashuka nusu toni, wanakutana kwenye sol na ti, na msuguano unaisha. Kwenye Dm ya mwanzo, soprano walikuwa na nusu toni yao lakini alto hawakuwa na yao. Upande mmoja unavuta, mwingine unatembea.

Ongeza besi. Kutoka re wanashuka sol, hatua ya tano kwenda chini, mwendo uleule ambao besi hufanya kutoka sol kurudi do mwisho wa wimbo. Dm ilikuwa na mwendo huo tayari, ndiyo maana mstari wangu haukuwa mbovu, ulikuwa tu mvivu. E moja iliukamilishia kilichokosekana.

Jaribio lake ni rahisi na nimelifanya na watu wasiojua hata do iko wapi. Piga C mara mbili tatu ili masikio yakae. Kisha piga Dm, nyamaza, mwambie mtu aimbe noti yoyote anayodhani inafuata. Mmoja ataimba do, mwingine mi, mwingine atacheka. Rudia, safari hii kwa D7. Wengi wataimba sol, au watang'ang'ania fe huku nyuso zao zinapanda, jambo ambalo nalo ni jibu.

Wimbo uliimbwa Pasaka ile. Lakini kulikuwa na dosari nyingine ambayo niliisikia tu siku ya ibada, kanisa likiwa limejaa na mwangwi umekufa. Ukitazama kodi ya mwisho kwenye karatasi ya Mzee utaiona: besi sol, sauti ya tena sol, alto sol. Sauti tatu kwenye noti moja, soprano peke yao kwenye ti, na re haipo kabisa. Kodi inafika kwa nguvu halafu inakuwa kavu, kama ugali usio na mboga. Si kosa la dominanti ya kuazima. Ni kosa la namna sauti zilivyogawanywa. Fe lazima ipande sol, hiyo haina mjadala, na waimbaji wa tena nao walikuwa wanashuka la kwenda sol, na besi wako hapohapo.

Ufumbuzi niliupata baadaye sana, nami najivunia kuwa ni wangu, ingawa mtu yeyote aliyesoma hamonia angenipa kwa dakika mbili. Niliwapa besi ile fe.

```
S:  d' | d' | d' | t
A:  m  | m  | r  | r
T:  s  | l  | l  | s
B:  d  | l, | fe,| s,
```

Kodi ni ileile, D7, ila sasa imesimama juu ya F shapu badala ya D. Alto wanateremka kwenda re na kukaa palepale, waimbaji wa tena hawajabadilika, na kodi ya mwisho ina sol, re na ti, imekamilika. Tumepoteza ule mruko wa besi kutoka re kwenda sol, lakini tumepata kingine: msuguano wenyewe sasa uko kwenye sauti mbili za nje, soprano juu na besi chini, zile ambazo msikilizaji husikia hata akiwa amekaa mlangoni. Besi wanateremka do, la, fe, halafu wanageuka na kupanda nusu toni. Kugeuka kule ndiko watu hukumbuka. Fe ile iko chini sana kwenye kii ya C, na kwaya yenye besi wachanga inaweza kuinua wimbo hadi D, au hata E flati, bila hasara.

Kwa kiasi gani jambo hili si la kanisani peke yake? Mfano ninaoupenda una zaidi ya miaka 200. Tarehe 2 Aprili 1800, jijini Vienna, Ludwig van Beethoven, akiwa na miaka 29, aliitoa hadharani simfonia yake ya kwanza. Iko kwenye kii ya C. Mtu angetarajia kodi ya kwanza iwe C, nyumbani, salamu kwanza. Beethoven anaanza na C7.

Simama hapo. C7 ni C yenye B flati ndani yake, noti ambayo sol-fa huiita ta. Hii ni kodi ya nyumbani iliyovalishwa nguo za tano. Tano ya nani? Ya F. Na kweli, inakwenda F. Kwa hiyo sauti ya kwanza kabisa ya simfonia ya kii ya C inatuambia tuko F. Kisha inakuja G7, ambayo ni tano halisi ya nyumbani, nawe unasema sasa tunarudi. Inakwenda Am, inakwepa. Kisha D7, ile ile ya Mzee, ikivimba sauti, na inatua G. Jozi tatu za kodi, na C yenyewe iliyotulia bado hujaisikia kama nyumbani. Mwendo wa haraka, ambapo kii ya C inatangazwa bila kificho, unaanza kwenye kipimo cha 13.

Pigeni wenyewe, hata kwenye kinanda cha mtoto: C7, F, G7, Am, D7, G. Halafu C. Mtu aliyeandika hivyo alijua kwamba msikilizaji hahitaji kuambiwa nyumbani ni wapi. Anahitaji kuzuiwa kidogo asifike.

C7 ile inastahili neno zaidi, kwa sababu ndiyo dominanti ya kuazima ambayo wapiga kinanda wetu huitumia kila Jumapili bila kuijua jina. Ubeti unaisha kwenye C, kiitikio kinaanza na F, na kati yao mpiga kinanda anaongeza B flati kwa kidole kidogo. Kanisa zima linainuka kabla ya neno la kwanza la kiitikio. Inatofautiana na nyingine kwa jambo moja. D7 inakuwa ngeni kwa sababu ya noti iliyopandishwa, ile fe inayotaka kwenda juu. C7 haina cha kupandisha. Mi ni nusu toni chini ya fa tangu zamani. Ngeni yake ni noti ya saba, ta, na ta inataka kushuka la. Ndiyo maana nikisikia wimbo unaotumia ta nahisi unalegea kwenda mahali pa chini na pana, na nikisikia fe nahisi unakaza kamba. Hiyo ni hisia yangu; sijamlazimisha mtu.

Kodi ndogo, zile za minor, nazo zina tano zao, na hapa ndipo vijana wengi hukosea. Wakitaka kwenda Am wanapiga Em kabla yake, kwa sababu Em iko kwenye ngazi ya C na inaonekana ni tano ya A. Ni kweli E ni tano ya A. Lakini Em ina sol, na sol iko toni nzima chini ya la, haisukumi. Tano ya kodi ndogo bado ni kodi kubwa: E7, yenye G shapu, ambayo sol-fa huiita se. Vivyo hivyo kwenda Dm unaazima A7, yenye de, yaani do iliyopandishwa. Kodi moja tu ya ngazi haiwezi kuazimiwa tano, ile ya ti, re na fa. Yenyewe ina traitoni tumboni na haijui kutulia. Huwezi kumkaribisha mgeni kwenye nyumba isiyo na sakafu.

Ukishazoea utatamani kuziunganisha: A7, D7, G7, C. Kila moja ni tano ya inayofuata. Hapo kuna kitu cha ajabu kidogo kwa fe na de. A7 ina de, inayotaka kupanda re. Lakini kodi inayofuata si D tulivu, ni D7, nayo inahitaji do kama noti yake ya saba. Basi de, badala ya kupanda, inateleza nusu toni chini na kuwa do. Fe ya D7 nayo inateleza na kuwa fa ya G7. Kila mlango unapofunguliwa unakuta korido badala ya chumba. Nawaonya wanafunzi wangu wasitumie mnyororo huu zaidi ya mara moja kwenye wimbo, na mimi mwenyewe nimevunja onyo hilo kwenye nyimbo mbili ambazo sitazitaja.

Swali ambalo nimeulizwa na mwimbaji makini wa tena ni hili: tukipiga D7 kisha G, je, hatujahamia kii ya G? Jibu zuri nililipata kwenye maandishi ya sol-fa yenyewe, si kwenye kitabu cha hamonia. Mfumo huu ulianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, na mchungaji John Curwen, aliyezaliwa mwaka 1816 na kufariki mwaka 1880, akautengeneza na kuueneza. Wamisionari wakaubeba hadi huku kwetu. Curwen alikuwa na namna mbili za kuandika F shapu ndani ya wimbo wa C, na namna hizo mbili ndizo tofauti tunayoitafuta.

Kama shapu inapita tu, anaandika fe. Do inabaki palepale. Ni noti moja iliyovaa koti la mtu. Lakini kama wimbo umehama kweli, anaandika juu ya mstari "G. t.", kisha noti ya kuvukia inapewa majina mawili, jina la zamani kwa herufi ndogo ubavuni mwa jina jipya. Sol ya zamani inakuwa do. Kuanzia hapo F shapu haiitwi fe tena, inaitwa ti, kwa sababu imeshakuwa mwenyeji.

Sasa ujue vipi uandike lipi? Mimi husikiliza F ya kawaida, ile fa, inarudi lini. Kwenye wimbo wangu wa Pasaka, mstari wa tatu unaanza na G7, na ndani ya G7 kuna fa. Fe haikuishi hata pigo mbili. Masikio hayakupewa muda wa kusahau C. Hiyo ni kuazima. Kama baada ya G ningekaa vipimo vinane na F shapu ndani yake, nikapiga D7 kwenda G tena mwisho wa mstari, mwimbaji angeanza kuhisi do iko kwenye G, na kumwandikia fe kila mahali kungekuwa kumtesa. Katikati kuna eneo la ukungu ambapo watu wawili wenye masikio mazuri watabishana. Nimebishana humo mara nyingi na sikumbuki kushinda.

Nirudi kwenye makosa, maana niliyatenda kwanza mimi. Baada ya Pasaka ile nilirukwa na akili. Kila Dm niliyoiona kabla ya G niliigeuza D7. Jumapili moja tukaimba wimbo wa watu wote ambao melodi yake inapanda mi, fa, sol mahali hasa ambapo Dm inakwenda G. Nikapiga D7 kwa mikono miwili. Kanisa zima lilikuwa linaimba fa, F ya kawaida. Kinanda kikawa kinalia F shapu. Watu hawakuacha kuimba, Wakristo hawaachi, lakini mabenchi ya mbele yaligeuka kunitazama. Kabla ya kuazima, tazama melodi: noti unayotaka kuipandisha je, kuna mtu anaiimba ikiwa haijapandishwa? Kama yupo, acha Dm ibaki Dm. Na hata kama si pigo lilelile, fa ya besi ikifuatiwa mara moja na fe ya soprano inasikika kama watu wawili wanaobishana bei. Ni bora sauti ileile iliyoshika fa ndiyo ipande fe.

Kosa la pili ni kuwapa fe watu wawili. Noti inayotaka kupanda kwa nguvu hivyo, ukiigawia alto na tena, wote watapanda sol pamoja na utasikia sauti moja imepotea. Fe ni ya mtu mmoja.

La tatu si la mtunzi. Mwaka uliofuata tulirudia wimbo, na kwa kuwa kwaya ilikuwa imeongezeka nilipeleka karatasi ile ya zamani, yenye penseli, ikatolewe fotokopi kwenye kibanda cha stendi. Mazoezini mstari wa pili ukawa na uchafu ambao sikuuelewa. Si kosa la wazi. Ni kama redio iliyo kati ya stesheni mbili. Niliwasimamisha soprano, nikawasimamisha besi, nikasikiliza alto peke yao wakipanda: mi, mi, halafu kitu fulani, sol. Nikawaambia wanne waimbe mmoja mmoja. Wawili waliimba fe. Wawili waliimba fa.

Njia ya kulisikia hilo, kwa mwalimu asiye na muda wa kuwapanga mmoja mmoja, ni kuwaacha alto na soprano peke yao na kuwasimamisha kwenye pigo la tatu. Fe ikiwa safi chini ya do ya juu, umbali wao unachoma kidogo, hautulii, na ukiwaruhusu waendelee wanafunga vizuri kwenye sol na ti. Fa ikiwa ndiyo inaimbwa, umbali unakuwa mtamu na mtulivu, na utamu huo ndio dalili ya ugonjwa. Mara nyingi hawaimbi fa kamili wala fe kamili. Wanaanza fe na inashuka kwa uvivu. Hapo huwa nawaambia waimbe ti, do bila maneno, kisha nawahamishia hatua ileile wakianzia fe. Miguu inakumbuka.

Siku ile lakini shida haikuwa uvivu. Mama mmoja wa alto, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, aliinua karatasi yake.

"Mwalimu, samahani. Hapa kwangu imeandikwa f. Kwa mwenzangu kuna kitu kama kidoa. Ni herufi au ni wino wa mashine?"

Penseli ya Mzee ilikuwa imefifia, na mashine ilikuwa imeichukua kwenye nakala chache tu. Nilikusanya karatasi zote za alto, 14, nikaomba kalamu nyekundu, nikaketi kwenye ngazi ya madhabahu nikaandika e kwenye kila moja wakati besi wanapiga soga nje.

Miaka imepita, siku hizi wanaimba ile ya pili, fe ikiwa kwa besi, na alto wanaimba re, re. Yule mama bado analalamika kwamba niliwanyang'anya.